Bei ya mwisho inapangwa kabla mteja hajafika

Ilikuwa asubuhi moja ya Julai pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, ile baridi ambayo hata kuhesabu hela vidole vinakataa. Meza ya jirani yangu ilikuwa na masweta kama yangu, ya mtumba, yametoka kwenye belo la aina moja. Akaja mama mmoja, kwa jinsi alivyovaa na kikapu chake ungejua ametoka mbali, labda Isyonje huko juu au zaidi. Akachagua sweta la bluu la mtoto wa shule, akauliza bei, akaambiwa kumi, akatoa kumi, hakusema hata nipunguzie. Sasa wakati anasubiri kufungiwa akafika kijana mmoja muongeaji kweli, akashika sweta lilelile, pacha wake kabisa tofauti ni rangi tu, akaanza bosi wangu, kaka mkubwa, mi wa hapahapa tunaonana kila siku, na dakika mbili mbele akaondoka nalo kwa elfu tano.

Mama alikuwa bado amesimama pale na mfuko wake mkononi.

Alimwangalia kijana, akaiangalia meza, akaaga kwa heshima kabisa, akaondoka.

Hakugomba wala hakudai chenji. Na mi naamini angegomba ningeshasahau siku hiyohiyo. Ila ule ukimya wake umekaa na mimi wiki nyingi, kila mteja akianza "dada punguza" namkumbuka.

## Nani analipa punguzo

Tumezoea kusema kupatana bei ni utamaduni wetu, na ni kweli, mi mwenyewe nikienda kununua viazi au mchele wa Kyela napatana. Siandiki hapa kutetea bei za kubandikwa kwenye nguo kama supamaketi.

Kinachonisumbua ni hiki. Muuzaji ambaye hana bei ya chini aliyoipanga, bei yake inapangwa na mdomo wa mteja. Mwenye mdomo analipa tano, mpole analipa kumi. Na wapole ni akina nani? Ni wale mama zetu wa vijijini, ni wanafunzi, ni mtu aliyefiwa ana haraka ya kurudi msibani, ni mzee anayeona aibu kubishana na mtoto mdogo. Hao ndo wanaomlipia yule kijana muongeaji punguzo lake.

Alafu upande wa pili, jirani yangu yule anauza kweli, meza yake haikosi watu, ila msimu ulipofika katikati akawa hana hela ya kufungua belo lingine. Akakopa. Alikuwa anajua kila sweta alilonunua limetoka bei gani na alikuwa haamini kwamba anapata hasara, maana kila alichouza alikiuza juu ya bei ya kununulia.

Hapo ndo nilipoanza kukaa na daftari.

## Hesabu ambayo wengi tunaipiga nusu

Nitatumia mfano wa belo moja la masweta, namba nimezisawazisha kidogo ili zifuatike kirahisi. Belo la kilo 45 umelinunua Dar 480,000, usafiri wa lori mpaka Mbeya na kijana wa guta mpaka mezani 30,000. Jumla 510,000. Umefungua, umehesabu, nguo 120.

Hesabu ya haraka ambayo kila mtu sokoni anaipiga kichwani ni 510,000 gawanya kwa 120, unapata 4,250. Basi mtu anajiambia nikiuza elfu tano nina faida ya mia saba na hamsini, sijaumia. Ndo maana sweta la kumi linaachiwa kwa tano bila roho kuuma.

Sasa weka gharama za kukaa pale. Ushuru, mlinzi, mifuko, nauli, chakula cha mchana, tuseme 6,000 kwa siku, na belo linakaa kama siku 20 za soko mpaka liishe. Hiyo ni 120,000. Sasa unatakiwa kurudisha 630,000, na kila nguo imeshafika 5,250. Kwa hiyo ile tano ilikuwa inakula mtaji muda wote, mtu anashangilia mauzo huku hela ya belo lijalo inapungua kidogo kidogo.

Na hapo bado hujala nyumbani. Kodi, ada, unga. Kama kwenye wiki hizo unahitaji 200,000 ya kupeleka nyumbani, basi belo zima lazima lirudishe 830,000.

Na hii 200,000 mi naiweka ndani ya bei ya chini, siiachi nje kama kitu kitakachopatikana Mungu akijalia. Hapa nimebishana na watu wengi, wanasema bei ya chini ni ile ya kutopata hasara, faida ni ya juu yake. Kwa muuzaji mwenye mshahara sehemu nyingine sawa. Kwa mtu ambaye meza ndo kazi yake, hela ya kula itatoka tu, hata usipoihesabu, na itatoka kwenye mtaji.

## Wastani unadanganya

830,000 kwa nguo 120 ni kama 6,900 kila moja. Unaweza kusema basi bei yangu ya mwisho ni elfu saba kwa kila kitu. Hapana, maana nguo za belo hazifanani, na hili ndo jambo lililonichukua muda kulielewa vizuri.

Ukishafungua unachambua. Tuseme zimetoka kamera 20, zile nzito nzuri kama mpya. Za kati 60, nzima hazina shida ila hazishtui. Za chini 28, zimepauka au zimelegea shingo. Na fagio 12, zile zilizotoboka au zipu imekufa. Yule anayesema elfu saba kwa kila kitu, wateja watamchukulia kamera zote siku ya kwanza na atabaki na za chini ambazo hakuna mtu atampa hata nne.

Kwa hiyo kila fungu lina sakafu yake, yaani bei yake ya chini. Kamera 16,000, hapo 20 zinaleta 320,000. Za kati 7,000, hizo 60 zinaleta 420,000. Za chini 3,000, hizo 28 zinaleta 84,000. Fagio buku buku, 12,000. Jumlisha inakuja 836,000, imepita kidogo tu ile 830,000 tunayoihitaji. Yaani kama kila nguo ingeuzwa kwa bei ya mwisho kabisa, nyumba inaishi na belo lijalo linanunuliwa. Chochote kinachopatikana juu ya hapo ndo cha kuziba zile ambazo hazitauzika, maana zipo, hujawahi kuona belo limeisha lote.

Angalia fungu la kati, hilo ndo roho ya belo. Ukishuka jero tu kwa kila moja, mara 60, imetoka 30,000, hiyo ni hela yote ya usafiri kutoka Dar. Ukishuka buku, ni 60,000, karibu theluthi ya kile cha nyumbani. Mteja anaposema "dada jero tu hii unaniachia nini" yeye anasema kweli, kwake ni jero moja. Kwako ni jero mara sitini, maana ukiiachia kwa huyu huna sababu ya kumnyima wa nyuma yake.

Namba hizi naziandika kwenye kipande cha boksi jioni ya kuchambua, kabla nguo haijatundikwa. Naweka chini ya meza upande wangu. Nikiwa na baridi, na njaa, na sijafungua mauzo mpaka saa tano, kichwa changu hakifai kuamua bei. Kile kipande kiliandikwa na mimi niliyekuwa nimetulia.

## Swali la kwanza la mteja ni mtego

Mteja mzoefu hakuulizi bei. Anakuuliza "bei ya mwisho ngapi?" kabla hata hajagusa nguo.

Ukimwambia elfu saba, kwake hiyo ndo imekuwa bei ya kuanzia. Atasema nne, mtakutana tano na nusu, na wewe umemwambia ukweli tangu mwanzo. Nilikuwa naona wauzaji waaminifu kabisa ndo wanaumia hapa, maana wanaona kutaja juu ni kama kudanganya. Mi siamini ni uongo, wote wawili tunajua ya kuanzia ni ya kuanzia. Ila usiipandishe mpaka ionekane umemdharau mtu. Kwa sakafu ya saba naanzia kumi. Ukianzia kumi na tano utashangaa mpole atalipa kumi na tano, na tumerudi kwa yule mama wa Isyonje.

Kwa hiyo akiuliza bei ya mwisho namjibu "umependa lipi kaka? vaa kwanza tuone linakukaa." Sijamkwepa, ni kwamba bei inategemea fungu na kweli sijui anauliza ipi. Na mtu akishavaa sweta asubuhi ya Julai, akasikia joto, mazungumzo yanakuwa mengine.

## Hatua za kushuka zinasema kuliko maneno

Hili nilijifunza kwa kumwangalia mama mmoja anayeuza mablanketi, ana miaka mingi pale, simtaji. Nilimsikiliza muda mrefu nikidhani ana maneno matamu. Hana. Ana namna ya kushuka.

Chukua sweta la kati, sakafu saba.

"Dada hili ngapi?"

"Kumi kaka."

"Nna nne."

"Nne hapana. Lete nane na nusu."

"Aa dada, nakupa tano."

"We umepanda buku, haya mi nashuka buku. Saba na nusu."

"Sita nakupa sasa hivi."

"Saba. Hiyo ndo ya mwisho kaka yangu."

Ameshuka 1,500, kisha 1,000, kisha 500. Kila hatua fupi kuliko iliyotangulia, na kila hatua imejibu hatua ya mteja. Mteja hata kama hakai kuhesabu, anasikia mwilini kwamba kisima kinakauka. Sasa geuza, kumi, tisa na nusu, nane na nusu, saba. Hapo hatua zinakua, na ukisema saba ndo mwisho hakuna atakayeamini, kwa mwendo ule inayofuata ni tano. Bei ileile ya saba, mmoja anaaminiwa na mwingine anaonekana muongo.

Kosa jingine ni kushuka mara mbili mfululizo mteja akiwa kimya. Mteja amenyamaza anaangalia mshono tu, muuzaji anapata wasiwasi, "haya lete nane... basi saba." Hujaombwa! Amenyamaza kwa sababu anawaza, pengine anahesabu nauli yake ya kurudi Uyole. Mwache.

Na neno "ya mwisho" linasemwa mara moja. Ukishalisema usitaje tena namba nyingine yoyote. Ongea habari za sweta, ongea habari za baridi, mwulize kama anataka mfuko. Ukisema "ya mwisho saba" alafu baadaye "haya ya mwisho kabisa sita na nusu" umemfundisha kwamba mwisho wako una mwisho wake.

## Akisema hana

Hapa ndo mauzo mengi yanakufa au yanapona.

Mteja anafungua mkono anakuonyesha, ana tano. Labda kweli ana tano, labda nyingine ipo mfuko wa nyuma. Mi nimeacha kuhangaika kujua, kwa sababu jibu ni moja. Nashusha nguo, sishushi bei.

"Kwa tano yako kaka twende hapa," namvutia fungu la chini, la elfu tatu ambalo naanzia tano. Namtafutia lililo zuri kuliko yote humo. Mara nyingi vinatokea viwili. Ama anachukua, ameondoka na sweta na mi nimeuza nguo ya chini juu ya sakafu yake. Ama analishika lile la chini, analinganisha na lile la kati alilokuwa nalo, anaona mwenyewe tofauti ya shingo na uzito, na ile hela nyingine inatokea. Sijamwita muongo, sijambana, nguo zimeongea zenyewe.

Kuna njia ya pili, akichukua mawili. Masweta mawili ya kati kwa 15,000. Yeye anaona ameokoa elfu tano kutoka ishirini, na kila moja limeenda kwa saba na nusu, juu ya sakafu. Nyumba za huku watoto ni zaidi ya mmoja na baridi haichagui, kwa hiyo naulizaga tu, mdogo wake umemchukulia?

Na ya tatu ni ya kuongeza kitu. Kwenye fagio na kwenye mabelo mengine kunakuwaga na kofia za sufu na soksi ambazo haziuziki peke yake. Mtu amekwama sita na nusu, mi nimekwama saba, namwambia "saba, na kofia hii ya mtoto." Kofia ile kwangu haifiki mia mbili, kwake ni kofia. Ila itoe mwishoni kabisa. Ukiitoa mapema ataipokea kama haki yake alafu aendelee kuomba ushushe.

## Akigeuka kuondoka

Moyo unadunda hapo, nakiri, hasa kama ni mchana na hujauza. Mteja ameweka sweta chini, amegeuka, hatua ya kwanza, ya pili. Na kila kitu ndani yako kinapiga kelele, mwite!

Usimwite kwa bei.

Mwite kwa jina la heshima, "karibu tena kaka, nipo mpaka saa kumi na mbili." Basi. Ukimwita "njoo basi lete hizo tano" hujapoteza elfu mbili peke yake. Kuna dada anachagua pembeni amesikia, kuna jirani amesikia, na yeye mwenyewe keshajua dawa yako, wiki ijayo ataanza kwa kuondoka.

Alafu kuna kitu kidogo ambacho kimenirudishia wateja wengi kuliko maneno yote. Akiondoka, lile sweta silirudishi kwenye fungu. Nalitundika kwenye henga upande wa mbele. Mtu akizunguka soko akaona za wenzetu, akataka kurudi, kuna aibu inamzuia, ataanzaje kuomba tena kitu alichokikataa? Akiliona limening'inia pale mbele hahitaji kusema chochote, analishika tu, na mi namfungia kwa saba bila kumkumbusha kwamba alisema tano. Ukimkumbusha umeshinda ubishi umempoteza mteja.

Na kuna wanaoondoka hawarudi. Wapo wengi. Ukisikia mtu anakwambia kuna namna ya kusimama kwenye bei bila kupoteza mteja hata mmoja, huyo hajakaa mezani. Kinachotakiwa ni usipoteze wale ambao wangelipa.

## Utajuaje kama sakafu yako ndo mbovu

Hapa nilikwama sana na ndo sehemu inayonifanya niandike leo. Kusimama kwenye bei ni rahisi kugeuka ukaidi. Belo linaweza kuwa limekuja baya, au bei za soko zimeshuka kwa sababu mzigo umeingia mwingi, na wewe umesimama na saba yako kama nguzo ya umeme huku nguo zinakusanya vumbi.

Wengi wetu tunaandika mauzo. Mi nimeanza kuandika na yaliyoshindikana. Mteja akiondoka naandika fungu na bei yake ya mwisho aliyotaja. "Kati, 5." "Kati, 6.5." "Kamera, 12." Inachukua sekunde.

Baada ya wiki unasoma. Kama walioondoka kwenye fungu la kati walikuwa wanataja nne, tano, nne, hao walikuwa wanajaribu au hawakuwa na hela, sakafu yako haina shida. Kama wengi wanagota sita na nusu, wanaondoka wakiwa jero tu chini yako, hiyo ni habari nyingine, soko linakwambia kitu. Sasa rudi kwenye hesabu, jero mara nguo za kati zilizobaki, tuseme 40, ni 20,000. Je itafidiwa na kumaliza belo siku nne mapema, ambazo ni 24,000 za gharama za kukaa? Kwa hesabu hiyo inafidiwa, kidogo. Basi unashusha sakafu, jioni, kwenye kipande cha boksi, na kesho ni sita na nusu kwa kila mtu, kwa mpole na kwa muongeaji.

Hiyo ndo tofauti ninayoitafuta. Sakafu inashuka kwa sababu ya daftari na kalenda. Haishuki kwa sababu huyu anajua kuongea.

Na ukiona upande wa pili, kila mtu anakubali kumi papo hapo bila hata kuguna, kagua tena uchambuzi wako. Inawezekana umeweka kamera kwenye fungu la kati.

## Wa nyumbani, na wasio nacho

"Ugonile!" mtu anakusalimia kinyumbani, Tukuyu moja, kanisa moja, shangazi yake anamjua mama yako. Na anataka ya ndugu.

Kwa ndugu sianzii kumi. Naanzia saba moja kwa moja, namwambia "shangazi wewe sikuzungushi, hii ndo ninayoishia nayo kwa watu wote." Anapata heshima ya kutozungushwa, na kwa kweli amepewa punguzo la buku tatu papo hapo. Wengine wananuna. Ila wakishajua kwamba hakuna ndugu mwingine aliyepata sita, kununa kunaisha.

Kwa asiye nacho nilikuwa na wasiwasi mkubwa, kwa sababu haya yote nimeanza kuyawaza kwa ajili ya yule mama, sasa nisimame na saba yangu mbele ya bibi mwenye elfu nne? Nilizunguka na hilo. Nilichofikia ni kwamba msaada nautoa kama msaada. Kuna nguo za chini na fagio ninazozishona na kuzifua, nampa bibi bure au kwa buku, najua nimetoa na nimehesabu nimetoa. Siugeuzi kuwa bei ya sweta la kati, maana bei inasikika meza nzima na itadaiwa kesho na mtu mwenye bajaji mbili.

## Agosti ikikatika

Mwisho wa Agosti baridi ya mjini inaanza kulegea, Septemba jua linachoma. Hapo sakafu ya Julai haina kazi tena. Hela iliyokwama kwenye sweta mwezi wa tisa itatoka Mei mwakani, na katikati hapo ungeweza kuizungusha kwenye mashati na magauni mepesi.

Kwa hiyo kama zile 630,000 zimesharudi, kwa mabaki naweka sakafu mpya, tuseme za kati 5,000, na naitangaza kwa sauti, nimeandika kwenye boksi mbele, tano tano. Mtu akija kuomba nne namwonyesha boksi. Ni ajabu lakini watu wanabishana kidogo sana na bei iliyoandikwa kwa wote.

Bado sina uhakika na wale wa jumla. Wapo wanaopandisha Makete, kule kunabaki na baridi, wanakuja wanataka masweta kumi au ishirini kwa mkupuo. Kwa wao naweza kwenda mpaka 6,000 hata Agosti katikati, kwa sharti kwamba wachukue fungu lilivyo, wasichague. Akitaka kuchagua moja moja ni saba kama kawaida, kwa sababu akishabeba kumi nzuri yale yanayobaki siyo tena fungu la kati, ni la chini lenye jina zuri. Mwaka huu mmoja alikubali, mwingine alikasirika akaenda meza ya pili. Kwenye daftari nimeandika "jumla, 5.5, anachagua." Nikipata wengine wa namna hiyo msimu ujao nitajua kama hiyo buku sita inasimama.

Yaliyobaki baada ya wiki mbili za tano tano siyashushi tena. Nayafua, naweka kwenye gunia na dawa ya nondo, Mei yatatoka kwa bei ya Mei, na nikifungua belo jipya nayahesabu humo humo kwenye fungu lake, kwa gharama ya sifuri.